Tarehe Itangulie Mvua, Mgeni Rasmi Afuate Majaji

Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dodoma, Maafisa Elimu Sekondari wa Jiji la Dodoma, Chamwino na Bahi, na wakuu wa shule za sekondari katika maeneo hayo

YAH: MAANDALIZI YA MAONYESHO YA SAYANSI YA WANAFUNZI

Ndugu viongozi wetu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na nimekuwa nikialikwa kuwa jaji katika maonyesho ya sayansi ya shule hapa Dodoma. Nawaandikia kuomba mambo mawili tu. La kwanza, tarehe ya maonyesho itangazwe mwezi Oktoba, kabla mvua haijaanza kunyesha. La pili, mgeni rasmi aalikwe mchana, majaji wakiwa wamemaliza kazi. Mengine yote nitakayoyaeleza humu, yaani fomu, ratiba ya siku na orodha ya ukaguzi, yanatokana na hayo mawili.

Nianze na mvua. Tanzania ina njia zinazofahamika za kufikisha kazi ya mwanafunzi kwenye jukwaa la taifa. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011 na kufanya maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa Dar es Salaam mwaka 2012, ikifuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965. MAKISATU nayo ipo tangu 2019. Lakini mwanafunzi hafiki huko bila kupita kwenye maonyesho ya shule na wilaya, na huku chini ndiko tunakokosea kalenda. Barua ya mwaliko hufika shuleni zikiwa zimebaki wiki tatu au nne. Ndani ya wiki nne mtoto hawezi kufanya jaribio la kilimo, udongo, maji ya mvua wala malisho. Anachoweza ni kununua boksi, gundi na rangi, akajenga mfano wa bwawa au wa mlima wa volkano unaotoa povu. Kisha sisi majaji tunaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wanaleta maumbo badala ya utafiti.

Uwanda huu wa kati una msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka wa kawaida tunapata milimita 500 hadi 600 hivi. Anayekosa msimu huo anasubiri mwaka mzima. Wenzetu wa Bukoba au Moshi, wenye vuli na masika, wana nafasi ya pili, sisi hatuna. Kwa hiyo tarehe ikitangazwa Mei, tumeshafuta kimyakimya miradi yote ambayo mtoto wa Dodoma angeweza kuifanya vizuri kuliko mtoto wa Dar es Salaam.

Nichukue mradi mmoja niuchambue. Wanafunzi wawili wa kidato cha pili wanataka kujua kama mtama uliopandwa kwenye mashimo ya Chololo, yale yaliyopata jina kutoka kijiji chetu cha Chololo, unatoa nafaka nyingi kuliko mtama uliopandwa kwenye ardhi tambarare ya shamba lile lile. Swali ni la kwao, shamba lipo nyuma ya shule, na mbegu ya muda mfupi kama Macia hukomaa kwa takribani miezi mitatu na nusu. Mwezi Novemba wanapima vijishamba sita vya mita tatu kwa tatu. Wanapiga kura kwa vikaratasi kuamua vitatu vipi viwe na mashimo na vitatu vipi viwe tambarare. Wakichagua wenyewe kwa macho, bila kukusudia wataweka mashimo pale ambapo udongo tayari ni mzuri. Idadi ya mimea iwe sawa kila kijishamba, na samadi ipimwe kwa ndoo ile ile. Mvua wanaipima kila siku saa 3 asubuhi kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya milimita, na kuandika kwenye daftari la mradi hata siku ambayo kopo ni kavu.

Kwa nini vijishamba vitatu na vitatu, wasitumie kimoja na kimoja? Kwa sababu kijishamba kimoja kikizidi kingine hatujui kama ni shimo lililofanya kazi au ni kichuguu cha zamani kilichoacha rutuba pale. Vitatu vya mashimo vikizidi vitatu vyote vya tambarare, tuna la kusema. Vikipishana, nalo ni jibu, na mwanafunzi afundishwe kuliandika bila aibu.

Machi mtama ukishaanza kujaza nafaka, kwelea kwelea wanaingia. Anayefahamu Bahi anajua kundi moja linaweza kumaliza matokeo ya miezi mitatu asubuhi moja. Dawa yake ni kufunika masuke kumi yaliyochaguliwa kwa kura katika kila kijishamba kwa mifuko ya kitambaa chepesi, na kupima nafaka za masuke hayo tu. Mavuno ni Aprili. Mei wanakausha, wanapura na kupima kwenye mizani ya maabara. Likizo ya Juni wanachora grafu na kuandika bango. Hesabuni wenyewe: kutoka kupiga kura ya vijishamba hadi bango ni miezi minane. Hakuna mwalimu, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuikunja miezi hiyo iwe wiki nne.

Ndiyo maana napendekeza siku yenyewe iwe Alhamisi ya tatu ya mwezi Julai, na barua ya kuitangaza itoke wiki ya pili ya Oktoba mwaka unaotangulia. Nimeipata siku hiyo kwa kuondoa zile zisizofaa. Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linaketi hapa mjini, kumbi na magari ya kukodi vinagombaniwa, na viongozi tunaowaalika wanaitwa bungeni muda wowote. Juni shule zimefungwa. Agosti mwanzoni mji unahamia Nzuguni kwa Nane Nane, na mahema yote yanakwenda huko. Kuanzia Septemba ni mitihani ya taifa, ikianza na darasa la saba ambao walimu wetu wengi huenda kuwasimamia, kisha kidato cha pili na cha nne. Inabaki Julai, baada ya Saba Saba. Ijumaa ina swala ya mchana, ambayo itakata usaili katikati, na Jumamosi wanafunzi na walimu Wasabato hawawezi kuja. Alhamisi haimfungii mtu mlango.

Julai ina tatizo lake moja, upepo. Mabango yaliyosimamishwa uwanjani yatapeperushwa kabla ya saa 4, na vumbi litaingia kwenye mizani na kompyuta mpakato. Kwa hiyo tuingie ndani, kwenye bwalo au ukumbi wa shule, hata kama mahema yanapendeza zaidi kwenye picha. Na kwa mwaka wa kwanza tubaki na Jiji, Chamwino na Bahi, ili kila shule ije asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Kondoa na Mpwapwa wana haki sawa, ila kuwaleta kunadai malazi, walezi wa usiku na bajeti nyingine. Wafanye yao kwanza, tukutane ngazi ya mkoa tukishajifunza.

Sasa fomu. Shule ikishapata tarehe, kila mradi ujaze ukurasa mmoja na kuurudisha kabla ya Novemba kuisha, maana kazi kubwa ya fomu hiyo ni kuzuia madhara kabla hayajatokea. Iulize swali la utafiti, kitu kitakachopimwa na kifaa cha kupimia. Iulize kama kuna watu watakaohojiwa, kwa kuwa hojaji kwa wanafunzi wenzao inahitaji ridhaa ya mzazi kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Iulize kama kuna wanyama, kemikali au ukungu.

Hapo kwenye ukungu naomba tusimame kidogo. Mkoa wetu ulipata msiba wa sumukuvu mwaka 2016, na tangu hapo wanafunzi wengi wanataka kutafiti mahindi na karanga zilizoota ukungu. Hamu hiyo ni ya haki, kwa sababu ni chakula cha nyumbani kwao. Lakini sumukuvu haionekani kwa macho: hindi lenye ukungu linaweza lisiwe nayo, na hindi safi kwa macho likawa nayo. Mtoto anayeotesha ukungu kwenye kopo na kulifungua mezani mbele ya wageni anapeperusha vijimbegu vya ukungu puani mwake na mwa wengine, na bado hatakuwa amepima sumu. Mwelekezeni kwenye swali jirani ambalo shule inaweza kulijibu kwa usalama: mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na yale ya juu ya udongo yanapoteza uzito wa maji kwa kasi gani katika siku tano za kwanza? Linahitaji mizani, turubai na jua, na linagusa chanzo chenyewe cha tatizo, yaani unyevu. Fomu ikisomwa Desemba, ushauri huu unamfikia mtoto kwa wakati. Ikisomwa asubuhi ya maonyesho, kinachobaki ni kumfukuza mezani.

Fomu pia iulize wati. Tundu moja la umeme la ampea 13, kwa volti 230, linabeba wati 3,000 hivi. Kompyuta mpakato kumi hazifikishi hata wati 1,000, lakini majiko mawili ya umeme kwenye waya mmoja wa nyongeza yanaweza kuzima nusu ya ukumbi. Fundi akipata namba hizo mapema anayagawa majiko kwenye kuta tofauti.

Nije kwenye majaji, na hapa ndipo ombi la pili linapoanzia. Nimewahi kusimama mbele ya wasichana wawili wa kidato cha tatu waliokuwa wamepima unyevu wa udongo chini ya mwembe na nje ya kivuli chake. Daftari lao lilikuwa limechakaa pembe kwa kufunguliwa, na kurasa za katikati zilikuwa na alama za vidole vya udongo mwekundu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeuliza kwa nini kipimo cha siku moja kimepanda ghafla, na mmoja wao ameanza kueleza kwamba ng'ombe walimwagiwa maji pale, nikaguswa bega: mgeni rasmi anasubiri, majaji wasogee tumalize. Tulikuwa tumemsubiri tangu saa 3 asubuhi na akafika saa 6. Usaili wa ukumbi mzima ulifanyika ndani ya muda uliobaki kabla ya chakula. Mradi ulioshinda siku ile ulikuwa na taa za rangi.

Sitaki kumlaumu mgeni yeyote. Kiongozi wa Dodoma hana uhuru wa saa zake, na kila mtu wa mji huu anajua hivyo. Kosa ni la ratiba inayoifunga kazi ya siku nzima kwenye gari la mtu mmoja. Tuseme shule ni kumi na kila moja inaleta miradi minne, kila mradi una wanafunzi wawili. Hiyo ni miradi 40 na wanafunzi 80. Kila mradi lazima uonwe na majaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake bila kushauriana, kwa kuwa jaji mmoja akikosea hakuna wa kumsahihisha. Hizo ni ziara 80. Ziara moja ni dakika 10 za mazungumzo na dakika 5 za kuandika alama, kuandika maoni na kuhamia meza nyingine. Jaji mmoja basi anamaliza ziara nne kwa saa. Tukimpa saa tatu anafanya 12, na majaji saba wanatosha. Waalikwe tisa, wawili wakipata udhuru kazi isiharibike. Tukimpa saa moja anafanya nne, na tutahitaji majaji 20. Wakibaki wale saba kwa saa moja, kila mradi unapata dakika tano na sekunde chache kwa jaji, kutembea na kuandika vikiwemo. Ndani ya muda huo mtu anaona rangi ya bango tu.

Majaji tunao. UDOM na Chuo Kikuu cha St. John's vyote vipo hapa mjini, wapo watafiti wa kilimo Makutupora, na walimu wa shule zisizoshiriki. Waombwe Machi kwa barua, wakumbushwe Juni kwa simu. Asubuhi ya siku yenyewe wakae dakika 45 peke yao na kupima pamoja mradi mmoja wa mfano, kila mtu akiandika alama zake kimya kabla ya kuzisoma kwa sauti. Mfano ninaopenda kuutumia ni wa mwanafunzi aliyechemsha maji na kupata nyuzi 96 za Selsiasi. Jaji mgeni atakata alama akidhani kipimajoto ni kibovu. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Mtoto aliyeandika 96 amepima, na aliyeandika 100 amenakili kitabuni. Majaji wakishakubaliana juu ya hilo wanaingia ukumbini wakiwa wanatafuta kitu kimoja.

Alama napendekeza ziwe 100: 30 za swali na mbinu, 30 za vipimo na uchambuzi, 25 za uelewa wa wanafunzi wanapohojiwa, na 15 za bango. Mkizipandisha za bango mnairudisha taa ya rangi.

Ratiba ya siku iwe hivi, na nakala yake abaki nayo kila msimamizi:

Saa 12:30 asubuhi: ukumbi unafunguliwa, meza zinapewa namba, umeme unajaribiwa kwa kuwasha vifaa vyenyewe.
Saa 1:30 hadi 2:45: shule zinawasili, zinaandikishwa, mabango yanasimama.
Saa 2:30 hadi 3:15: majaji wapo chumba chao, chai na mradi wa mfano.
Saa 2:45 hadi 3:15: ukaguzi wa usalama meza kwa meza, fomu mkononi.
Saa 3:15: walimu na wazazi wanatoka ukumbini. Wanabaki wanafunzi, majaji na wasimamizi wawili.
Saa 3:30 hadi 5:00: usaili, awamu ya kwanza, ziara sita kwa kila jaji. Kengele kila baada ya dakika 15.
Saa 5:00 hadi 5:20: chai ya wanafunzi.
Saa 5:20 hadi 6:50: usaili, awamu ya pili, ziara sita.
Saa 6:50 hadi 7:30: chakula. Watu wawili wanaingiza alama, mmoja anasoma na mwingine anaandika, kisha wanabadilishana.
Saa 7:30 hadi 8:30: miradi mitano iliyoongoza inaonwa na majaji wote kwa pamoja, dakika 12 kila mmoja.
Saa 8:30: milango inafunguliwa kwa wazazi, shule jirani na wananchi.
Saa 9:00 alasiri: mgeni rasmi anawasili na kutembelea meza kumi alizochaguliwa.
Saa 9:40: hotuba mbili, ya mwenyeji na ya mgeni.
Saa 10:00: zawadi, na kila mradi unapewa karatasi ya maoni ya majaji.
Saa 10:30: magari yanaondoka, ili watoto wa Bahi wafike kabla ya magharibi.

Yapo mambo matatu ambayo ratiba hiyo haiyaonyeshi. Shule za mbali zipangiwe ziara zao kuanzia saa 4:00, ili gari likipata pancha mtoto asipoteze jaji. Miradi inayotumia umeme ipewe angalau ziara moja katika kila awamu: umeme ukikatika asubuhi kuna mchana, na jenereta iwe imewashwa na kujaribiwa jana yake. Na barua ya mgeni rasmi iseme wazi, kwa heshima zote, kwamba ikifika saa 9:30 hajawasili, kiongozi wa elimu mwenye cheo cha juu aliyepo ataendelea kwa niaba yake. Sentensi hiyo ikiwemo kwenye barua tangu Juni, siku yenyewe hakuna mshereheshaji atakayeogopa kuendelea.

Orodha ya ukaguzi nayo ni ukurasa mmoja. Kila kitu kiwe na jina la mtu mmoja, kwa kuwa kinachoachiwa kamati hubaki bila mwenyewe, na kiandikwe kwa namna ambayo mtu anaweza kukiona na kukihesabu. "Maji yapo" hayakaguliki. Yanayokaguliwa Jumatano saa 9 alasiri, siku moja kabla, ni haya:

Meza 40 zimepangwa na kupewa namba, nafasi ya mita moja na nusu kati ya mistari. (Mwalimu wa nidhamu wa shule mwenyeji)
Ndoo nne za maji zenye bomba, zimejaa, na sabuni ipo. (Matroni)
Nyaya za nyongeza sita zimetandazwa na kubanwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, na ramani ya wati imebandikwa ukutani. (Fundi umeme)
Jenereta imewaka nusu saa ikiwa na mzigo, mafuta yapo kwenye dumu. (Fundi umeme)
Kizimamoto kimoja na ndoo mbili za mchanga zipo mlangoni. (Mwalimu wa Kemia)
Sanduku la huduma ya kwanza limefunguliwa na kuhesabiwa, namba ya dereva wa gari la dharura imejaribiwa kwa kupiga. (Mwalimu wa afya)
Fomu za alama 80 na akiba 20 zimechapwa, kila moja ina namba ya meza na ya jaji tayari. (Katibu wa majaji)
Majaji tisa wamethibitisha kwa simu leo, na nauli zao zipo kwenye bahasha. (Mratibu)
Idadi ya chakula imehesabiwa kwa shule, wanafunzi 80 kwanza, watu wazima baadaye. (Mpishi mkuu na mratibu)

Mtu asiyehusika na kazi hizo ndiye azunguke na karatasi. Anayeweka tiki kwenye kazi yake mwenyewe hataona kasoro.

Limebaki la alama, na hili husahaulika. Majaji hawana mikono inayolingana. Tuseme jaji wa kwanza, katika miradi yake 12, wastani wa alama alizotoa ni 78, na jaji wa pili wastani wake ni 61. Mradi uliopata 75 kwa wa kwanza upo chini ya kawaida yake kwa alama tatu. Mradi uliopata 70 kwa wa pili umeizidi kawaida yake kwa tisa. Tukisoma namba ghafi tutampa zawadi aliyepimwa na jaji mwenye huruma. Kwa hiyo katibu apige wastani wa kila jaji, atoe wastani huo kwenye kila alama yake, kisha ajumlishe tofauti mbili za kila mradi. Hesabu hiyo inafanyika kwa kikokotoo cha kawaida katika zile dakika 40 za chakula. Itafaa tu ikiwa meza zimegawiwa kwa majaji kwa kura. Jaji aliyepewa miradi ya shule moja yenye nguvu atakuwa na wastani mkubwa kwa haki, na hesabu hii itamwonea. Na jaji asipangiwe shule anayofundisha au anakosoma mwanawe.

Kuhusu fedha, sehemu kubwa itakwenda kwenye usafiri na chakula. Ninachoomba ni kwamba posho za sherehe, fulana na mabango makubwa ya ukumbini viandikwe mwisho wa bajeti, na karatasi za fomu, mizani na nauli za majaji viandikwe mwanzo. Fedha zikipungua, hukatwa kutoka chini.

Karatasi ya maoni iliyo kwenye ratiba saa 10:00 iwe na mistari mitatu iliyoandikwa na jaji kwa mkono: kilichofanyika vizuri, kipimo kilichokosekana, na hatua inayofuata. Kwa miradi 40 zawadi zitakuwa tano, hivyo watoto 70 watarudi nyumbani wakiwa na karatasi hiyo tu. Wale wa mashimo ya Chololo wakiandikiwa "mwaka ujao pimeni na unyevu wa udongo kila wiki", wana wiki ishirini kabla ya mvua nyingine kujiandaa.

Nimeandaa rasimu ya fomu ya mradi, fomu ya alama na barua ya mgeni rasmi, na nitazikabidhi kwa afisa elimu sekondari yeyote kati yenu atakayezihitaji. Naomba jibu lenu juu ya tarehe lipatikane ifikapo tarehe 10 Oktoba, ili walimu wa klabu za sayansi tuwaite wanafunzi tupime vijishamba ardhi ikiwa bado kavu.

Wenu katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu wa Biolojia,
Dodoma